Kwa nini buluu ya nembo hutoka ikiwa zambarau, na ni wakati gani wa kututumia faili la sRGB au la CMYK

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi kuliko mengine yote ni kwamba tumemharibia mteja rangi. Huja na simu iliyoinuliwa mbele yetu, nembo ikiwaka buluu kali kwenye kioo, na pembeni yake kipeperushi kilichotoka mashineni kikiwa na buluu iliyofifia na kuelekea zambarau. Mteja wa hivi karibuni alitueleza wazi kwamba anaamini tumebana wino ili tuongeze faida. Tumeona tumjibu kwa maandishi, yeye na wengine wenye shaka kama yake, kwa sababu jibu lina hatua kadhaa na si rahisi kulieleza mtu akiwa amesimama kaunta huku mzigo wake ukiwa tayari umekatwa na kufungwa.

Tuanze na nembo yake yenyewe. Ilichorwa kwa rangi ambayo kompyuta huiandika 0, 0, 255, yaani nyekundu sufuri, kijani sufuri na buluu hadi mwisho wa kipimo. Kwenye skrini rangi hiyo ni kazi nyepesi, kwa kuwa skrini hutoa mwanga wake yenyewe, na inachofanya ni kuwasha vitone vya buluu peke yake. Karatasi haitoi mwanga. Hupokea mwanga wa chumba, wino humeza sehemu yake, na kinachobaki ndicho kinachorudi machoni. Tena mashine ya ofseti haina wino wa buluu. Ina sayani, majenta, njano na nyeusi, na buluu hupatikana kwa kuweka sayani na majenta pamoja. Laiti wino hizo zingekuwa safi kabisa, sayani ingemeza mwanga mwekundu tu, majenta ingemeza wa kijani tu, na buluu ingerudi kamili. Wino halisi haziko hivyo. Majenta humeza pia sehemu ya buluu, na sayani humeza sehemu ya kijani na hata ya buluu yenyewe, kwa hiyo mchanganyiko wake hutoka mzito na mwenye giza kuliko ile buluu ya kwenye kioo. Ndiyo maana tuhuma ya kubana wino inatuuma: kama tungeongeza wino mahali pale, rangi ingezidi kuwa nyeusi, isingeng'aa.

Sasa tuone namba zilivyokwenda. Faili lililotufikia halikuwa tena na 0, 0, 255. Kijana aliyemsaidia mteja alikuwa amesikia kwamba kazi ya kuchapa lazima iwe CMYK, yaani rangi iandikwe kwa asilimia za wino hizo nne, akaibadilisha kwa mpangilio uliokuwemo kwenye programu yake, ambao ulikuwa `U.S. Web Coated (SWOP) v2`. Ukibadilisha buluu ile kamili kwa profaili hiyo, unapata takriban asilimia 88 ya sayani na asilimia 77 ya majenta. Majenta inayokaribia sayani kiasi hicho huivuta buluu kuelekea zambarau, na kosa si la mashine wala la wino. Programu hutafuta rangi ya karibu zaidi inayoweza kuchapika, na katika eneo la buluu kali hesabu inayotumiwa kupima ukaribu huo ina tabia inayofahamika ya kuegemea zambarau kila rangi inapopunguzwa ukali. Fundi anayeijua tabia hiyo huchukua hatua kwa mkono kabla ya kuchapa, lakini fundi anayepokea faili ambalo limekwisha kubadilishwa huona 88 na 77 na hana njia ya kujua kwamba mwenye nembo alikusudia kitu kingine. Huenda zambarau ndiyo aliyoitaka. Nembo za zambarau zipo nyingi, na nyingine tumezichapa sisi wenyewe.

Mteja alipoona matokeo, yeye na kijana yule walijaribu kurekebisha nyumbani. Wakalifungua faili lile la CMYK, wakalirudisha kwenye sRGB, yaani namba za rangi za skrini, wakaongeza ung'avu na kulituma tena. Hapa pana jambo ambalo tungependa kila mteja alijue: safari hiyo haina kurudi. Ukiirudisha 88 na 77 kwenye sRGB hupati 0, 0, 255, bali takriban 58, 83, 164, ambayo ni buluu ya kijivujivu inayofanana na ile iliyochapwa. Ule ukali wa mwanzo ulikwisha kutupwa. Ukiongeza ung'avu baada ya hapo, unapata rangi ya tatu isiyofanana na nembo wala na kipeperushi. Ndivyo kazi moja ilivyochapwa mara mbili, na gharama ya mara ya pili ikawa juu ya mteja, kwa kuwa pleti, yaani mabati ya kuchapia kila wino, zilitengenezwa upya na karatasi ya kwanza haikuwa na matumizi tena.

Mkanganyiko wote unaanzia kwenye wazo kwamba CMYK ni kitu kimoja. Namba za rangi peke yake hazisemi rangi ni ipi. Profaili ndiyo inayoeleza namba hizo zinamaanisha rangi gani kwa kipimo cha jicho la binadamu. Upande wa skrini kuna makubaliano mapana: sRGB ilipendekezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft, ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999 kwa namba IEC 61966-2-1, na ndiyo maana katika programu unaona jina `sRGB IEC61966-2.1`. Faili la sRGB lililobeba profaili yake lina maana ileile kwa kila anayelifungua. Upande wa uchapaji mambo ni tofauti, kwa sababu asilimia 88 ya sayani kwenye karatasi iliyopakwa utando laini si rangi sawa na asilimia 88 kwenye karatasi ya barua inayofyonza wino. Kila aina ya mashine, wino na karatasi ina profaili yake. Kutuambia "nimeleta CMYK" bila kutaja profaili ni sawa na kumwambia mshonaji kwamba urefu wa gauni ni arobaini bila kusema arobaini ya nini.

Ile SWOP, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya majarida ya Marekani yanayochapwa kwenye mashine za karatasi ya roli, na wala haihusiani na mashine yetu. Sisi kwa karatasi iliyopakwa tunachapa kwa kufuata `PSO Coated v3`, na kwa karatasi isiyopakwa tunafuata `PSO Uncoated v3`. Mchapaji mwingine atakupa majina mengine, naye atakuwa sahihi kwa mashine yake. Mwulize kabla ya kubadilisha chochote, na akikosa jina la kukupa, mpelekee sRGB.

Msimamo wetu, basi, ni huu: rangi ibadilishwe mara moja tu, mwishoni, na ibadilishwe na mtu anayejua kazi itachapwa kwenye karatasi gani. Kwa wateja wengi mtu huyo ni sisi. Tutumieni picha na michoro ikiwa sRGB, profaili ikiwa imebebwa ndani ya faili, nasi tutabadilisha kulingana na karatasi mliyochagua. Katika kazi ya nembo ile, hatimaye tuliomba mchoro wa asili, tukaacha namba za programu na kupanga buluu kwa mkono: sayani asilimia 100, majenta tukaishusha hadi 65. Kanuni tunayoitumia kila siku ni kuiacha majenta nyuma ya sayani kwa angalau pointi 30, vinginevyo zambarau huanza kujitokeza. Matokeo hayakuwa ile buluu ya kwenye simu, wala hatukumwahidi hivyo, lakini kila aliyeiona alisema ni buluu.

Kuna wanaodhani kwamba ukibadilisha mapema kwenda CMYK unajihakikishia usalama, hata kama kazi haiendi kwenye ofseti. Mteja mmoja alituletea mabango ya maonyesho yenye machungwa kali na kijani cha majani machanga, yote yakiwa yamebadilishwa kwa profaili ya ofseti. Mabango yale yalikuwa yachapwe kwenye printa kubwa ya wino wa kunyunyiza, ambayo pamoja na rangi nne za kawaida ina wino wa machungwa na wa kijani, na inafikia rangi ambazo ofseti haizifikii. Faili lake lilikuwa limezibana rangi zile ndani ya uwezo wa mashine ambayo haikuhusika kabisa, na printa ikachapa kwa uaminifu rangi zilizobanwa. Alilipia uwezo wa mashine bila kuutumia. Kwa mabango, kwa picha za ukutani, na kwa picha za kawaida zinazosafishwa kwenye karatasi ya picha, leteni sRGB. Programu inayoendesha printa ndiyo yenye profaili za wino na karatasi zake, na hufanya kazi vizuri zaidi inapoletewa rangi ambazo hazijapunguzwa.

Neno "kubeba profaili" nalo linahitaji maelezo, kwa kuwa hapo ndipo wapiga picha wengi wanapojikwaa. Mpiga picha mmoja alituletea picha za harusi na kusema ngozi za watu zimetoka kavu na kupauka, utadhani wote walikuwa wagonjwa. Kamera yake ilikuwa imepangwa kutumia `Adobe RGB`, profaili yenye eneo pana la rangi, hasa upande wa kijani na sayani. Alipohifadhi picha hakuweka alama ya kubeba profaili, na faili likafika kwetu likiwa na namba tupu. Faili lisilo na profaili huchukuliwa kuwa sRGB. Namba zilibaki zilezile, lakini sasa zilisomwa kwa kipimo chenye rangi hafifu zaidi, na wekundu wa ngozi ukapungua kila mahali. Hili lina dalili yake: rangi zote hupoa kwa pamoja na kwa kiasi kinachofanana, wala si rangi moja au mbili kali tu. Tulipolipa faili profaili yake halisi nyuso zilirudi, na hakuna kilichokuwa kimepotea.

Katika Photoshop kuna amri mbili zinazokaa jirani na kuchanganywa kila mara. `Assign Profile` haigusi namba. Inabadilisha maana yake, kwa hiyo rangi unayoiona hubadilika. `Convert to Profile` hubadilisha namba ili rangi unayoiona ibaki kama ilivyokuwa, kadiri inavyowezekana. Ya kwanza ni kwa faili lililopoteza profaili yake, pale unapojua ilikuwa ipi. Ya pili ndiyo ya kuhamisha picha kutoka Adobe RGB kwenda sRGB. Unapohifadhi, hakikisha kisanduku cha `ICC Profile` kimewekwa alama, na kama unatumia `Export As`, weka alama kwenye `Convert to sRGB` na pia `Embed Color Profile`. Inachukua nafasi ndogo sana kwenye faili, na hatuoni sababu yoyote ya kuiacha.

Wapo wateja wanaofanya kazi zao wenyewe hadi mwisho, na hao tunawaheshimu. Kwao, pale tunapowapa jina la profaili, tunapendekeza wachague `Convert to Profile`, waweke profaili ile tuliyoitaja, wachague `Relative Colorimetric` na kuacha alama kwenye `Use Black Point Compensation`, kisha watunze faili la asili la sRGB mahali pengine bila kuligusa. Ikiwa picha ina rangi nyingi kali zilizo karibukaribu, kwa mfano petali za ua jekundu, wajaribu pia `Perceptual`, ambayo hupunguza rangi zote kwa uwiano ili tofauti kati yake zisifutike. Jicho ndilo liamue kati ya hizo mbili.

Lakini katika kubadilisha kuna mtego mmoja wa maandishi. Nyeusi ya skrini, 0, 0, 0, ikipita kwenye ile profaili ya SWOP huwa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90, jumla asilimia 300 ya wino. Kwa kivuli ndani ya picha hilo halina ubaya. Kwa maandishi madogo ni balaa, kwa sababu pleti nne zikipishana hata kwa unywele mmoja, kila herufi hupata kivuli cha rangi pembeni na msomaji huona ukungu. Kwenye karatasi isiyopakwa wino wa kiasi hicho huchelewa kukauka na unaweza kuchafua mgongo wa karatasi inayofuata. Maandishi meusi yanapaswa kuchapwa kwa wino mweusi peke yake, asilimia 100. Tunapopokea hati nzima iliyobadilishwa kwa amri moja, fundi wetu hukaa na kurudisha maandishi yote kwenye nyeusi moja, ukurasa baada ya ukurasa, na ile ada ya kuandaa faili ambayo baadhi yenu huuliza ni ya nini ndiyo malipo ya kazi hiyo. Hatuitozi faili lililokuja safi.

Linabaki suala la skrini yenyewe, maana hata faili sahihi litaonekana jeusi kwenye karatasi ikiwa skrini yako inawaka kama taa. Skrini nyingi hutumiwa mwanga ukiwa juu sana. Kwa kazi ya kuchapa tunaweka zetu kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, tunazipima kwa kifaa kinachobandikwa kwenye kioo, na karatasi tunaitazama chini ya taa ya kelvini 5000, ambayo ndiyo mwanga wa makubaliano katika kazi hii. Mteja anayelinganisha simu yenye mwanga wa mwisho na kipeperushi alichokishika chini ya balbu ya manjano analinganisha vitu viwili ambavyo haviwezi kufanana, hata tufanye nini. Kama huna kifaa cha kupimia, punguza mwanga wa skrini hadi ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe uliyoiweka kando yake kwenye mwanga mzuri, halafu ndipo uamue kama picha ina giza.

Unaweza pia kuona mapema kitakachotokea bila kubadilisha namba hata moja. Fungua faili la sRGB, nenda `View`, kisha `Proof Setup`, kisha `Custom`, chagua profaili tuliyokupa, na uweke alama kwenye `Simulate Paper Color`. Picha itapauka ghafla na wengi hushtuka. Jizoeze kuangalia pembeni unapobonyeza, ufiche dirisha zote nyeupe za programu, kisha uipe macho muda wa kuzoea. Hapo utaiona buluu ya nembo ikigeuka mbele yako ukiwa bado na nafasi ya kuamua. Mteja mmoja wa kadi za mwaliko alibadili karatasi baada ya kuangalia hivyo. Alikuwa amechagua karatasi isiyopakwa kwa sababu ya mguso wake mzuri, lakini alipoona jinsi waridi yake inavyofifia pale, akahamia iliyopakwa isiyong'aa, na wala hatukuwa tumechapa kadi hata moja.

Skrini bado ina kikomo chake, na si cha upande mmoja kama watu wanavyodhani. Sayani kamili ya mashine iko nje ya sRGB, kwa hiyo skrini ya kawaida haiwezi kuionyesha sawasawa. Ikichapwa huwa na nguvu kuliko ulivyoiona. Kwa kazi ambayo rangi yake haina mjadala, tunatengeneza nakala ya majaribio kwenye printa iliyopimwa, yenye mstari wa vipande vya rangi pembeni tunaousoma kwa kifaa ili kuthibitisha kwamba nakala iko ndani ya kiwango. Nakala hiyo inalipiwa, kwa sababu inatumia karatasi maalumu na muda wa fundi, na wateja wengi huikataa wakiona ni gharama ya ziada. Yule wa nembo ya buluu pia aliikataa mara ya kwanza. Aliporudi aliitaka kabla ya kitu kingine chochote, akaisaini, na mzigo ulipotoka aliufananisha na nakala ile badala ya simu.

Na kama buluu ya kampuni yako haikubali kupunguzwa kabisa, bado ipo njia moja. Tunaweza kuichapa kwa wino wa Pantone uliochanganywa tayari, ambao haupatikani kwa kuweka sayani na majenta pamoja na kwa hiyo haufungwi na mipaka yake. Ni pleti ya tano na usafishaji wa mashine wa ziada, na bei yake hupanda kwa sababu hizo mbili. Kwa vipeperushi vichache hatukushauri. Kwa bahasha na barua za mwaka mzima zenye rangi ya nembo na nyeusi tu, pleti hupungua badala ya kuongezeka, na hapo huwa sisi wa kwanza kuipendekeza.